Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Fremu na Gurudumu la Baiskeli kwa Kipimo cha Mguu na Kimo

Maswali haya ni yale ambayo wanunuzi wa baiskeli wa Arusha na Moshi huyarudia, hasa wanaonunua za mtumba, ambako baiskeli moja hufika peke yake na hakuna saizi ya pili ya kulinganisha. Majibu yanahusu zaidi baiskeli za milimani zenye giya, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa sana na ndizo zinazokosewa saizi mara nyingi.

## Vipimo vya mwili

1. Ninajua kimo changu. Kwa nini nipime na mguu?

Kwa sababu watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuhitaji fremu mbili tofauti. Mmoja ana sentimita 170 na mguu wa sentimita 76, mwingine ana 170 hiyo hiyo na mguu wa 82. Wakisimama pamoja hawaachani hata kidole, lakini wakipanda baiskeli moja, wa kwanza atakuwa amekalia bomba la juu kila anaposimama, na wa pili atakuwa na nafasi ya kutosha.

Mguu ndio unaoamua urefu wa fremu kwenda juu na urefu wa siti. Kimo, baada ya kuondoa mguu, kinaeleza kiwiliwili, na kiwiliwili pamoja na mikono ndivyo vinavyoamua umbali wa kutoka kwenye siti hadi kwenye usukani. Kwa hiyo vipimo hivi viwili havifanyi kazi moja, na anayetumia kimo peke yake anabahatisha nusu ya jibu.

2. Nijipime mguu vipi?

Unapima kutoka msamba hadi sakafuni. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, visigino vikigusa ukuta na miguu ikiachana kwa kadiri ya sentimita 15. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke katikati ya miguu huku uti wake ukielekea juu na ukingo wake mmoja ukigusa ukuta, kisha kipandishe hadi kikubane kama siti ya baiskeli inavyobana mtu aliyeikalia kwa uzito wake wote. Mwombe mtu apige alama ukutani usawa wa uti wa kitabu, kisha pima kwa futi kamba kutoka alama hiyo hadi sakafuni.

Kosa linalotokea sana ni kukipandisha kitabu kwa aibu, kikaishia kwenye nguo. Matokeo yake mguu unasomeka mfupi kwa sentimita 2 au 3, na siti itakayopangwa kwa kipimo hicho itakuwa chini. Kosa la pili ni kitabu kuinama, kwa hiyo hakikisha ukingo wake wote umelala ukutani. Pima mara tatu. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, rudia.

3. Je, namba ya fundi cherehani aliyenishonea suruali haitoshi?

Haitoshi. Fundi cherehani hupima hadi pindo la suruali, si hadi sakafuni, tena huacha nafasi ya nguo kwenye msamba. Kipimo chake huwa kifupi kwa sentimita kadhaa, nawe hujui ni ngapi.

## Fremu

4. Wakisema fremu ni ya inchi 17 au 19, wanapima nini?

Wanapima bomba la wima, lile ambalo nguzo ya siti inaingia ndani yake. Kipimo huanzia katikati ya ekseli ya krenki na kuishia kwenye mdomo wa juu wa bomba hilo. Hakihusiani na gurudumu. Baiskeli yenye tairi la 26 inaweza kuwa na fremu ya inchi 15 au ya inchi 21, na hapa ndipo mnunuzi na muuzaji hupishana: mmoja anauliza saizi ya fremu, mwingine anajibu saizi ya tairi.

5. Nitapataje saizi ya fremu kutokana na mguu wangu?

Kwa baiskeli ya milimani, zidisha mguu wako, kwa sentimita, mara 0.57. Kwa baiskeli ya barabarani yenye bomba la juu lililolala sawa, zidisha mara 0.66. Jibu ni urefu wa bomba la wima kwa sentimita. Ukitaka inchi, gawanya kwa 2.54. Kipimo cha tatu unachokihitaji ni urefu wa siti: zidisha mguu mara 0.883, nawe utapata umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la wima.

Tuchukue mwalimu anayekaa Njiro, mwenye kimo cha sentimita 165 na mguu wa sentimita 76, ambaye anataka baiskeli ya milimani kwa sababu barabara ya kuingia kwake ni ya vumbi na mawe. Fremu yake ni 76 mara 0.57, yaani sentimita 43.3, ambayo ni inchi 17. Siti yake ni 76 mara 0.883, yaani sentimita 67 kutoka kwenye ekseli ya krenki. Kutoka mdomo wa bomba la wima hadi juu ya siti kutabaki sentimita 24 hivi, na humo ndimo vinamokaa nguzo ya siti inayoonekana na siti yenyewe. Hiyo ni hali nzuri kwa baiskeli ya milimani.

Kabla ya kulipa, kuna jaribio moja la mwisho. Apande juu ya baiskeli akiwa amevaa viatu, nyayo zote mbili zikiwa chini, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Kwenye njia za mawe anahitaji nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya msamba na bomba, na kwenye lami sentimita 2 hadi 5 zinatosha. Kwa mguu wa 76, bomba lililo sentimita 70 kutoka chini linamfaa kwa matumizi yote mawili.

6. Baiskeli ya mtumba haina namba, au ina kibandiko cha S, M au L. Nifanyeje?

Pima mwenyewe. Herufi hizo hazifanani kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na M ya mmoja inaweza kuwa inchi 16 huku ya mwingine ikiwa 18. Ukienda sokoni, Mbauda au Memorial, beba futi kamba na ukumbuke namba tatu: urefu wa bomba lako la wima, urefu wa siti yako, na urefu wa mguu wako. Muuzaji anaweza kubisha juu ya maneno, lakini si juu ya futi kamba.

Kuna fremu nyingi za miaka ya karibuni ambazo bomba lake la juu linashuka sana kuelekea kwenye siti. Kwa hizo bomba la wima ni fupi kuliko mwili wa baiskeli ulivyo, na namba ya inchi inadanganya. Pima basi urefu wa mlalo: weka futi kamba katikati ya ncha ya juu ya bomba la mbele, lile linalobeba usukani na foki, uivute nyuma ikiwa imelala sawasawa hadi inapokutana na nguzo ya siti. Maana ya namba hiyo iko kwenye swali la 8.

7. Siti si inapanda na kushuka? Kwa nini basi nihangaike na saizi ya fremu?

Hili ndilo swali linalouza baiskeli mbovu kwa watu wengi. Ni kweli kwamba siti inapanda na kushuka, lakini bomba la juu halishuki, usukani hausogei kwa zaidi ya sentimita chache, na nguzo ya siti ina mwisho wake.

Mrudie mwalimu wa Njiro. Akiuziwa fremu ya inchi 21, bomba la wima litakuwa na sentimita 53. Siti yake ya 67 bado itapatikana, kwa sababu zinabaki sentimita 14, na muuzaji atamwambia, kwa kweli kabisa, kwamba siti inamfaa. Lakini bomba la juu la fremu kama hiyo linaweza kuwa sentimita 80 kutoka chini, yaani sentimita 4 juu ya msamba wake. Kila akisimama ghafla mbele ya bodaboda atalazimika kuilaza baiskeli upande mmoja ili mguu mmoja ufike chini. Siku ambayo upande huo una mtaro, ataanguka.

Upande wa pili, mwanaume mwenye mguu wa sentimita 86 akinunua fremu ya inchi 15 kwa kuwa ilikuwa rahisi, siti yake inatakiwa iwe sentimita 76, na bomba la wima lina 38 tu. Zinabaki 38. Ukitoa sentimita 5 za siti yenyewe, nguzo inatakiwa itokeze nje kwa sentimita 33, ilhali nguzo nyingi zina urefu wote wa sentimita 30 hadi 35. Atavuta nguzo hadi ishikwe na sentimita moja au mbili za chuma, na siku moja akipita shimo, mdomo wa bomba utapasuka au nguzo itapinda. Nguzo iliyotengenezwa vizuri ina mstari wa mwisho uliochongwa, nao haupaswi kuonekana nje. Kama hauna, hakikisha angalau sentimita 8 zimo ndani na kwamba ncha ya nguzo imepita chini ya kiungo cha bomba la juu. Dalili ya hatari ni nyufa nyembamba kwenye rangi kuzunguka kiungo hicho. Fremu ya mtumba yenye nyufa hizo usiinunue hata ukiahidiwa kuchomelewa.

8. Kimo kinaingia wapi katika hesabu hii?

Gawanya mguu kwa kimo. Watu wazima wengi huangukia kati ya 0.45 na 0.48. Mwalimu wetu ni 76 kwa 165, yaani 0.46, na kwake fremu iliyotokana na mguu itafaa pia kwa urefu wa kiwiliwili. Aliye chini ya 0.45 ana kiwiliwili kirefu, hivyo fremu iliyopatikana kwa mguu itamfinya: magoti yatakaribia usukani akisimama kwenye pedali, na mgongo utajikunja. Aliye juu ya 0.48 ana miguu mirefu, na fremu iliyopatikana kwa mguu itamvuta mbele hadi mabega na viganja vife ganzi.

Kwa mtu wa sentimita 165 kwenye baiskeli ya milimani, urefu wa mlalo ulioelezwa kwenye swali la 6 ukiwa kati ya sentimita 56 na 58 kwa kawaida humkalisha vizuri. Jaribio la haraka la sokoni ni kugusisha kiwiko kwenye pua ya siti na kunyoosha kiganja kuelekea kwenye usukani. Vidole vikiishia karibu na usukani, pengo likiwa la sentimita chache tu, baiskeli inafaa kuendeshwa kwa majaribio. Ni jaribio la makadirio, lakini linatosha kukataa baiskeli iliyo mbali kabisa.

Umbali huo unarekebishwa kwa kubadilisha shingo ya usukani kwa iliyo fupi au ndefu, nayo hukupa sentimita 1 hadi 3. Usisogeze siti mbele ili kuufikia usukani. Nafasi ya siti mbele na nyuma ni ya goti: krenki zikiwa zimelala sawa na ardhi, goti la mbele linatakiwa liwe juu ya ekseli ya pedali. Ukisogeza siti kwa ajili ya mikono, goti ndilo litakalolipa.

9. Niko katikati ya saizi mbili. Nichukue ipi?

Ukiendesha zaidi kwenye vumbi na miteremko, kama njia za Kibosho au za kupanda Sakina juu, chukua ndogo, kwa kuwa utahitaji kushuka haraka na kuitawala baiskeli chini yako. Ukiendesha zaidi lami ndefu, kama ya kati ya Moshi na Arusha, na uwiano wa swali la 8 uko upande wa kiwiliwili kirefu, chukua kubwa. Mimi nikiwa na shaka huchagua ndogo, kwa sababu ndogo kidogo hurefushwa kwa nguzo na shingo ya usukani, na kubwa haifupishiki.

## Magurudumu

10. Nichukue gurudumu la 26, 27.5 au 29?

Fremu kwanza, gurudumu baadaye. Kwa mtu wa chini ya sentimita 155, 26 ndilo linalomfaa kwa urahisi, na 27.5 linawezekana kwenye fremu iliyoundwa vizuri. Kati ya 155 na 170, 26 na 27.5 yote yanafaa. Kuanzia 170 kwenda juu, 29 hukaa bila tabu. Mipaka hiyo si ya kukatwa kwa kisu, kwa kuwa wapo wa sentimita 160 wanaoendesha 29 vizuri, lakini wanatumia fremu iliyochorwa kwa ajili hiyo.

Gurudumu kubwa kwenye fremu ndogo huleta mambo mawili yanayoonekana palepale. Usukani huwa juu kuliko siti hata ukishushwa hadi mwisho. Na ukigeuza usukani huku pedali moja ikiwa mbele, ncha ya kiatu hugusa tairi la mbele. Jaribu hilo ukiwa umesimama dukani, kabla halijakutokea kwenye kona ya polepole.

Faida ya gurudumu kubwa ni kwamba linapita juu ya mawe na mashimo kwa upole zaidi. Hasara yake kwa mkoa wetu ni mlima. Gurudumu la 29 ni kubwa kuliko la 26 kwa takriban asilimia 10 likiwa na tairi, na kwa meno yale yale ya giya kila mzunguko wa krenki unakuwa mzito kwa kiasi hicho. Anayetoka Moshi mjini kupanda hadi lango la Marangu, lililo juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ataihisi asilimia hiyo. Kwa hiyo ukichagua 29, angalia kwamba gia kubwa ya nyuma ina meno ya kutosha.

11. Nina fremu ya 26. Naweza kuweka magurudumu ya 29?

Hapana. Ringi ya 26 ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa, na ya 29 ina 622. Nusu ya tofauti hiyo ni milimita 31, na kwa kiasi hicho ringi itapanda na kuacha raba za breki chini yake. Hata ukiwa na breki za diski, tairi litagusa foki au mabomba ya nyuma. Kinyume chake, yaani gurudumu dogo kwenye fremu ya 29 yenye diski, linaingia, lakini ekseli ya krenki inashuka na pedali zinagonga mawe.

12. Je, tairi la 28 la Phoenix ni sawa na la 28 la baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya?

Si sawa, na wengi hurudi dukani na tairi mkononi kwa sababu hiyo. Phoenix na baiskeli nyingine za aina hiyo hutumia 28 x 1½, ambayo ni milimita 635. Za Ulaya zenye maandishi 28 au 700C ni milimita 622, sawa na ringi ya 29. Zile za Kijapani za kikapu mara nyingi ni 26 x 1⅜, yaani milimita 590, ambazo haziingiliani na 26 ya milimani yenye 559. Usisome inchi. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi, na ya pili lazima ifanane na ya ringi yako.

## Hali za pekee

13. Nimeachiwa Phoenix kubwa ya babu. Mguu wangu ni sentimita 76. Je, inanifaa?

Pima bomba la wima. Phoenix hupatikana kwa fremu za inchi 22 na 24. Ya 24 ina sentimita 61, na siti yake ya springi hula karibu sentimita 10 juu ya hapo, kwa hiyo ikishushwa hadi mwisho iko 71, ilhali wewe unahitaji 67. Miguu haitafika chini ya mzunguko wa pedali bila kiuno kuyumba.

Ya 22 ina sentimita 56. Ukiongeza 10 unapata 66, kwa hiyo utakanyaga vizuri. Tatizo ni kusimama, kwa kuwa bomba la juu la fremu hiyo liko karibu sentimita 82 kutoka chini. Utakuwa unaendesha bila shida na kusimama kwa kulaza baiskeli. Watu wengi wameishi na hali hiyo miaka mingi kwenye barabara tambarare, ila kwa foleni ya Barabara ya Sokoine siwezi kuipendekeza.

14. Ninavaa gauni na nataka fremu isiyo na bomba la juu. Kanuni ni zile zile?

Jaribio la kusimama juu ya bomba halina kazi hapo. Yanabaki mambo mawili: urefu wa siti kwa mguu mara 0.883, na umbali wa usukani. Kwa kuwa unakaa wima, unaweza kushusha siti sentimita 2 au 3 chini ya hesabu ili ncha za vidole ziguse ardhi unapokuwa umekaa. Zaidi ya hapo utachoka mapajani.

15. Mtoto wangu nimnunulie kubwa ili akue nayo?

Usifanye hivyo. Baiskeli ya mtoto huchaguliwa kwa gurudumu, na kinachoamua ni mguu wake: kwa sentimita 45 hadi 55 gurudumu la 16, kwa 55 hadi 63 la 20, na kwa 63 hadi 72 la 24. Siti ikiwa chini kabisa, anayejifunza lazima akanyage ardhi kwa nyayo zote mbili. Wale wanaopitisha mguu chini ya bomba la juu la baiskeli ya baba, mwili ukiwa umening'inia upande mmoja, wanaendesha kwa ustadi mkubwa, lakini breki hawazifikii vizuri, na mteremko wa Kibosho hausubiri.

16. Nabeba maziwa na ndizi kwenye karia. Je, hesabu inabadilika?

Fremu haibadiliki, ila nafasi ya kusimama inakuwa muhimu zaidi, kwa sababu baiskeli yenye mzigo ikilala huwezi kuinyanyua kwa mguu mmoja. Tafuta nafasi ya sentimita 5 au zaidi juu ya bomba hata kama unapita lami tupu, na ushushe siti kwa sentimita moja au mbili.

17. Nilipima kila kitu lakini goti linauma. Kosa liko wapi?

Maumivu yakiwa mbele ya goti, chini ya kifuniko chake, siti iko chini mno. Yakiwa nyuma ya goti, iko juu mno, na mtu aliye nyuma yako ataona kiuno chako kikiyumba kushoto na kulia. Hakiki kwa kisigino: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa ukifuata mstari wa bomba la wima, na mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuinama. Rekebisha kwa nusu sentimita, uendeshe siku mbili tatu, ndipo urekebishe tena.

Kama siti iko sawa na maumivu hayaondoki, soma namba iliyochongwa nyuma ya krenki. Krenki nyingi za watu wazima ni za milimita 170 au 175. Mwenye mguu wa chini ya sentimita 74 hukunja goti kupita kiasi pedali ikiwa juu, na krenki za 165 humpunguzia. Kumbuka tu kwamba krenki ikifupishwa kwa milimita 5, siti nayo inapandishwa kwa milimita 5, la sivyo utarudi kwenye maumivu ya mbele ya goti.